ssh inaganda ukinyamaza kidogo: kumtafuta anayekata njiani

Wanaofanya kazi za mbali wakiwa nyumbani hapa Arusha huniletea lalamiko hili mara kwa mara: umeingia kwenye seva kwa `ssh`, umeinuka kupokea simu, ukirudi dirisha limeganda. Unabonyeza herufi, hazitokei. Baada ya kusubiri sana ndipo linatoka neno `Broken pipe`. Wakati huohuo video zinacheza vizuri na meseji zinaingia, kwa hiyo lawama zote anabebeshwa mwenye seva.

Kabla ya kumlaumu, angalia kikao kinakufaje. Seva ikikutoa yenyewe, kwa mfano bash imewekewa `TMOUT`, itakuaga: unarudishwa kwenye laptopu yako papo hapo, hata kama hujagusa kibodi. Kikao kinachouawa njiani hakisemi chochote. Skrini inabaki ulivyoiacha, na hutajua kimekufa hadi uandike kitu. Ukiona hivyo, shuku jedwali la NAT.

NAT ni kazi ya ruta ya nyumbani kuvipitisha vifaa vyote vya ndani kwenye anwani moja ya nje. Kila muunganisho ukianza, ruta inaandika mstari: laptopu hii, poti hii, imetokea poti ile ya nje kwenda seva ile. Kila mstari una saa inayohesabu kurudi chini, na kila pakiti inayopita inaiwasha upya. Ikifika sifuri, mstari unafutwa, kama mlinzi wa geti aliyechana ukurasa wa daftari la waliotoka: mwenye nyumba akirudi hamtambui. Pakiti ya seva ikija baada ya hapo hutupwa kimyakimya. Laptopu na seva hazikuambiwa lolote, kila upande bado unaamini muunganisho upo.

Muda huo haukutakiwa kuwa mfupi. Waraka wa viwango vya intaneti, RFC 5382 ya mwaka 2008, unataka muunganisho wa TCP uliokamilika usifutwe kabla ya saa 2 na dakika 4 za ukimya. Linux yenyewe, bila kuguswa, husubiri sekunde 432000, yaani siku 5. Lakini ruta za bei nafuu zina kumbukumbu ndogo, na simu za nyumba nzima hujaza jedwali haraka, kwa hiyo baadhi ya watengenezaji huukata muda huo hadi dakika chache.

Sasa tuje kwenye kisa. Dada mmoja anayeishi mtaa wa Sakina anatunza hifadhidata ya kampuni ya utalii, seva yake iko Ulaya. Alinipigia: "Kaka, hii seva imechoka, nataka kuihama." Nikamwomba asubiri tuipime kwanza. Aliingia kwa `ssh -o ServerAliveInterval=0`, ili laptopu isitume chochote kwa hiari yake, kisha ndani ya seva akaandika hivi na kuacha kibodi:

```
for t in 60 120 180 240 300 360; do
  sleep $t; echo "$t $(date +%T)"
done
```

Seva inanyamaza kwa muda unaozidi kukua, halafu inasema neno moja. Mstari wa 240 ulifika, wa 300 haukufika. Tukafungua kikao cha pili kwenda seva ileile na kuuliza:

```
ss -tno sport = :22
```

Kikao kilichoganda bado kilionekana `ESTAB`, lakini safu ya `Send-Q` haikuwa sifuri, na pembeni kulikuwa na `timer:(on` pamoja na hesabu ya marudio iliyokuwa ikipanda. Maana yake seva ilikuwa inatuma na kutuma tena, na hakuna aliyeijibu. Seva ikawa imesafishwa jina.

Bahati nzuri ruta yake ilikuwa na Linux inayoruhusu kuingia. Nyingi zinakupa kurasa za kivinjari tu, na hapo kipimo cha juu ndicho utakachokuwa nacho. Kwenye ruta tuliandika:

```
grep dport=22 /proc/net/nf_conntrack
sysctl net.netfilter.nf_conntrack_tcp_timeout_established
```

Amri ya kwanza inaonyesha mstari wa kikao, na namba iliyo kabla ya neno `ESTABLISHED` ni sekunde zilizobaki. Ukibonyeza herufi inapanda, ukinyamaza inashuka. Amri ya pili ilijibu 300. Tukaipandisha hadi 7440, ambazo ni zile saa 2 na dakika 4, tukidhani tumemaliza.

Kikao kikaendelea kufa, ila sasa kilichelewa. Tulipima upya kwa vipindi virefu: ukimya wa sekunde 1800 ulivumilika, wa 3600 haukuvumilika. Jibu lilikuwa kwenye ukurasa wa hali ya ruta. Anwani yake ya nje ilianza na 100.72. Anwani kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255 zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya NAT za watoa huduma, yaani nyuma ya ruta yake kulikuwa na jedwali lingine, la wateja wengi, ambalo yeye hana ruhusa ya kuligusa. Saa fupi ya nyumbani ilikuwa imeificha saa ndefu ya huko mbele.

Ndiyo maana mimi sipendi kuhangaika na ruta kama dawa. Naitumia kujua ukweli, halafu narekebisha kwenye laptopu, kwa sababu pakiti inayopita huwasha upya saa zote zilizoko njiani. Kwenye `~/.ssh/config`:

```
Host *
    ServerAliveInterval 60
    ServerAliveCountMax 3
```

Laptopu isiposikia kitu kutoka seva kwa sekunde 60, inatuma swali dogo ndani ya njia iliyosimbwa na seva inajibu. Chagua namba isiyozidi nusu ya ukimya uliothibitika kuvumilika. Kwa dada huyu 240 ilipita, hivyo hata 120 ingetosha. Kifurushi chako hakitaumia, ni chini ya KB moja kwa dakika. Anayetumia PuTTY ataikuta kwenye `Connection`, sehemu iliyoandikwa `Seconds between keepalives`.

Wengi hushangaa mistari hii ni ya nini, kwa sababu `TCPKeepAlive`, swali kama hilo linalotumwa na TCP yenyewe, tayari ni `yes` bila kuiweka. Ni kweli, lakini hiyo hufuata saa ya kerneli, na kwenye Linux swali la kwanza hutoka baada ya sekunde 7200. Ruta inayosahau kwa dakika tano itakuwa imekuzika zamani.

Mstari wa `ServerAliveCountMax` nao una makali yake. Maswali matatu yasipojibiwa, laptopu inafunga kikao yenyewe, kwa hapo juu ni baada ya kama dakika tatu. Kwenye mtandao wa simu unaopotea na kurudi, mpangilio huo unaweza kuua kikao ambacho kingepona chenyewe. Hapo mimi huweka `ServerAliveCountMax 10` na kuacha 60 ilivyo.

Umeme ukikatika ni habari nyingine. Ruta ikizimika jedwali lote linafutika, na anwani ya nje inaweza kubadilika, kwa hiyo hakuna swali la kila dakika litakalookoa kikao. Kwa kazi ndefu, kama kuhamisha hifadhidata, anzisha kwa `tmux new -A -s kazi` ndani ya seva. Umeme ukirudi, ingia tena na uandike amri hiyohiyo. Itakurudisha kwenye dirisha lilelile.