Je, wajua? Ekstenda husema kila neno mara mbili

"Nimechomeka ekstenda chumbani, mistari ya waifai imejaa, lakini spidi imeshuka karibu nusu. Kwa nini?"

Ekstenda ni kifaa kinachopokea waifai ya ruta na kuirusha tena ifike mbali zaidi. Ile ya bei nafuu huwa na redio moja tu ya kupokea na kutuma, kwa hiyo kila unachopakua kinapita hewani mara mbili: ruta inaipa ekstenda, kisha ekstenda inaipa simu. Haiwezi kupokea na kutuma kwa wakati mmoja kwenye chaneli ileile.

Mimi nilikuwa na maelezo mengine, tena niliyatoa kwa kujiamini. Niliona waifai kama mpira wa kumwagilia bustani: ukiunganisha kipande kingine, maji yanafika mbali lakini kwa nguvu ndogo. Yaani niliamini umbali ndio unaokula spidi. Siku moja nikaamua kuthibitisha. Nilileta ekstenda sebuleni, mita mbili kutoka kwenye ruta, nikakaa katikati na simu. Kwenye ruta nilipata kama megabiti 48 kwa sekunde. Nikahamia kwenye ekstenda, nikapata 23. Mpira wenyewe ulikuwa mfupi kuliko meza ya chakula, na nusu ya maji haipo! Nikalaumu kifaa kuwa feki. Hakikuwa feki, kilikuwa kinafanya kazi yake sawasawa.

Mfano unaofaa zaidi ni mkutano wa hadhara wenye mkalimani. Mhubiri anasema sentensi, ananyamaza, mkalimani anairudia kwa Kiswahili, mhubiri anaendelea. Mkalimani ana sauti kubwa na kila mtu wa nyuma anamsikia vizuri (hiyo ndiyo mistari iliyojaa), lakini mahubiri ya nusu saa yanachukua saa nzima. Hakuna aliyezungumza polepole. Kilichogawanywa ni muda wa hewani, na simaanishi ule wa kukwangua vocha. Ni nafasi ya kusema kwenye chaneli, ambayo vifaa vyote vinavyosikiana huipokezana: kila kimoja husikiliza kwanza, kikikuta kimya ndipo kinasema.

Hapo ndipo penye kioja ninachokipenda. Televisheni iliyounganishwa na ruta moja kwa moja haijui hata kama ekstenda ipo, lakini nayo inaumia. Ukipakua filamu chumbani, kila kipande kinachukua zamu mbili, na televisheni inangoja zote mbili. Waifai ya jirani iliyo kwenye chaneli hiyohiyo inangoja pia.

Ukifikiri kwa sekunde badala ya spidi, hesabu inakuwa nyepesi. Chukua faili la megabiti 48. Ruta ikilipeleka kwa ekstenda kwa megabiti 48 kwa sekunde, ni sekunde moja. Ekstenda kulipeleka kwa simu, sekunde nyingine. Jumla mbili, umebaki na 24. Sasa peleka ekstenda chumbani kabisa, mahali ambapo waifai ya ruta inafika kwa 16 tu. Safari ya kwanza ni sekunde tatu, ya pili moja, jumla nne: unapata 12. Bila ekstenda, simu ingepata karibu 16 hapohapo. Umenunua mistari na kuuza spidi. Ukiichomeka koridoni, ambako kila safari inakwenda kwa 40, unapata 20, na hapo imekusaidia kidogo.

Hesabu hii ni ya hali nzuri. Mtaa ukiwa na waifai nyingi unaweza kupata chini ya hapo, na antena za ekstenda zikiwa bora kuliko za simu, safari ya kwanza inaweza kuwa nafuu kidogo. Tena kama kifurushi chako ni cha megabiti 10, huenda usione tofauti yoyote, kwa sababu hata nusu ya hewa inatosha kuyabeba.

Ekstenda yenye redio mbili huongea na ruta kwenye masafa ya gigahezi 5 na simu kwenye 2.4, kama mkalimani anayetafsiri kwenye vipokea sauti bila kumkatiza mhubiri. Ila gigahezi 5 huchoka haraka kwenye kuta za tofali, kwa hiyo usiiweke mbali.

Yangu ya redio moja sikuitupa. Pembeni ina tundu la waya wa mtandao, na kwenye mipangilio yake kuna chaguo la Access Point. Nilivuta waya kutoka kwenye ruta, nikaupitisha juu ya fremu ya mlango, nikaweka ruta chaneli ya 1 na ekstenda ya 11 ili zisigombanie zamu. Safari ya kwanza sasa inapita kwenye waya, hewani imebaki moja. Chumbani napata 46.