Kipimo cha siki: ukiambiwa "chanya" maana yake nini

Neno linalowatisha wanawake kwenye uchunguzi wa mlango wa kizazi ni "chanya". Wapo wanaoangua kilio palepale kitandani, wakidhani wameambiwa wana saratani. Sivyo.

Mlango wa kizazi ni sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, inayotokeza ukeni. Virusi vya HPV, vinavyoenea kwa kujamiiana, vikidumu hapo vinaweza kubadili seli zake. Mabadiliko hayo hayaumi, na kwa kawaida huchukua miaka zaidi ya 10 kufikia saratani. Uchunguzi unayatafuta kabla hayajafika huko.

Katika vituo vingi Tanzania hutumika siki. Utalala chali umekunja magoti, kanga imekufunika. Muuguzi ataingiza taratibu spekulamu, kifaa cha kupanua uke, ili auone mlango wenyewe. Legeza mapaja na uvute pumzi, inasaidia kweli. Kisha atapaka kwa pamba siki ya asilimia 3 hadi 5 na kusubiri dakika moja. Utahisi ubaridi au mchomo kidogo. Seli nzima hubaki za waridi, zilizobadilika hugeuka nyeupe. Ukiwa hedhini, subiri imalizike, maana damu huficha anachotafuta.

Majibu unapewa hapohapo. Hasi ni kwamba weupe haukuonekana: rudi baada ya miaka 3, au mwaka 1 ukiwa unaishi na VVU.

Chanya ni kwamba weupe umeonekana. Tuseme una miaka 38, na doa ni dogo, kingo zake zote zinaonekana. Mara nyingi unatibiwa siku hiyohiyo kwa tiba joto: ncha ya kifaa iliyopashwa hadi nyuzi 100 hivi hugusishwa kwenye doa kwa muda usiofika dakika moja. Tumbo litanyonga kama la hedhi, kisha unarudi nyumbani kwa miguu yako. Utatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa. Usijamiiane kwa wiki 4 hadi 6 ili kidonda kipone (mweleze mwenzio mapema, hapa ndipo wengi hukwama), na baada ya mwaka upimwe tena. Ukipata homa, harufu mbaya au damu nyingi, usingoje tarehe hiyo. Doa likiwa kubwa au likizama ndani, utapewa rufaa likaondolewe kwa waya wa umeme.

Jibu la tatu ni "shuku ya saratani": muuguzi ameona kidonda au uvimbe unaovuja damu ukiguswa. Hapo kinyama hukatwa kikapimwe maabara, na ni maabara tu inayoweza kusema ni saratani au siyo.

Siki ina mipaka yake. Baada ya kukoma hedhi, eneo ambalo seli zake hubadilika huingia ndani lisionekane, hivyo kipimo cha virusi vya HPV kinafaa zaidi. Na kama unatokwa damu baada ya tendo la ndoa, au hedhi ilishakoma na damu imerudi, usisubiri siku ya uchunguzi. Nenda hospitali, useme hivyohivyo.