Faili "limefungwa na mtu mwingine": maana yake hasa

Unafungua faili la mapato kwenye folda ya pamoja ya ofisi, Excel inakujibu:

```
mapato_machi.xlsx is locked for editing by 'HP'.
```

Maana yake ni kwamba kuna mtu ameshalifungua na analihariri, kwa hiyo wewe utalisoma tu. Ukikubali, faili linafunguka na neno `Read-Only` linatokea juu, karibu na jina lake. Unaweza hata kubadilisha tarakimu ukipenda, ila ukitaka kuhifadhi kwa jina lilelile unakataliwa na kutakiwa uweke nakala yenye jina jingine.

Zuio hili lina sababu. Ukifungua faili, kompyuta yako hubeba yaliyomo na kukaa nayo yenyewe. Ukihifadhi, faili zima huandikwa upya, si ule mstari mmoja uliougusa. Kwa hiyo wawili wakifungua pamoja, mmoja akahifadhi saa 4 na mwenzake saa 5, kazi ya yule wa saa 4 ingefutika yote bila yeyote kujua. Kufuli linazuia hilo.

Watu wengi hawajui kwamba hapa kuna vitu viwili. Cha kwanza ni kufuli lenyewe, ambalo seva inalishikilia kwa niaba ya aliyefungua. Cha pili ni kifaili kidogo kilichofichwa, kama kikaratasi kilichobandikwa mlangoni, ambacho Excel au Word hukiweka kwenye folda ileile. Jina lake huanza na `~$`. Kwa Excel kitaitwa `~$mapato_machi.xlsx`. Word, jina likiwa refu, hula herufi mbili za mwanzo, hivyo `barua ya zabuni.docx` hupata `~$rua ya zabuni.docx`. Ndani yake mna jina la aliyefungua, na jina unalolisoma kwenye ujumbe hutoka humo. Akifunga faili vizuri, kifaili hufutwa chenyewe.

Asipofunga vizuri, kifaili hubaki. Kwetu ilitokea siku umeme ulipokatika asubuhi. Seva ina betri ya akiba, ikaendelea kufanya kazi. Kompyuta ya mhasibu haina, ikazimika ghafla faili likiwa wazi. Umeme uliporudi, kila aliyejaribu aliambiwa faili liko kwa 'HP'. HP ndiye nani? Hakuna. Fundi alipoweka programu aliacha jina hilo kwenye kompyuta zote sita. Tulizunguka meza kwa meza tukiuliza, kila mtu anasema si yeye.

Nikawasha `Hidden items` kwenye menyu ya `View` ya folda, kifaili kikaonekana. Safu ya `Date modified` ilisema 10:42, yaani saa 4:42 asubuhi, kabla umeme haujakatika. Hapo nikajua ni masalia. Nikahakikisha hakuna aliyefungua lile faili, kisha nikafuta kifaili chenye `~$`, hicho tu. Kikafutika bila ubishi. Kabla ya mtu mwingine kugusa chochote, nikamwomba mhasibu afungue Excel yeye kwanza, kwa sababu kazi ambayo hakuwahi kuihifadhi ingeweza kuwa imebaki kwenye kompyuta yake upande wa `Document Recovery`. Ilikuwepo, na akairudisha.

Kama Windows ingekataa kufuta na kusema faili linatumika, hiyo ingekuwa dalili kwamba kufuli la seva bado limeshikwa. Pengine mtu amelifungua kweli, pengine seva haijatambua kwamba ile kompyuta ilizimika. Msimamizi wa seva ya Windows anaweza kutazama kwa amri hii ya PowerShell:

```
Get-SmbOpenFile | Where-Object Path -like "*mapato_machi*"
```

Itamwonyesha akaunti na kompyuta iliyoshika, mara nyingi kwa anwani yake ya mtandao. Anaweza pia kulifunga kwa nguvu kutoka hapo, lakini nasisitiza: ampigie simu mwenye akaunti kwanza. Kama yuko katikati ya kuandika, mabadiliko yake yanaweza kupotea.

Kwenye OneDrive na SharePoint watu kadhaa huandika pamoja ndani ya faili moja, kwa hiyo ujumbe huu huonekana mara chache. Hata hivyo faili la zamani la `.xls`, au lililofungwa kwa nenosiri, bado linaweza kukurudisha kwenye kusoma tu.

Siku ileile nilipita kwenye kompyuta zote sita, nikaingia `File`, `Options`, `General`, na kwenye `User name` nikaandika jina la anayeitumia. Siku hizi ujumbe ukitokea, unajua umwendee nani.