Pikseli ya sentimita 2.7 si usahihi wa sentimita 2.7

Siku hizi ripoti ya ramani ya droni haikosi sentensi hii: "Ortomozaiki ina usahihi wa sentimita 2.7." Ukiuliza namba hiyo imetoka wapi, utaambiwa programu ndiyo iliyoitoa. Ni kweli imeitoa, ila ilikuwa inaeleza jambo jingine kabisa: ukubwa wa pikseli, yaani kipande cha ardhi kinachobebwa na nukta moja ya picha. Hapa Dodoma ramani hizi zinatumika kwenye urasimishaji wa makazi na kwenye ubishi wa upana wa barabara za mitaa, kwa hiyo kuyachanganya mambo haya mawili kunaweza kuwafikisha majirani kwenye baraza la ardhi.

Ortomozaiki ni picha moja kubwa iliyojengwa kutokana na mamia ya picha za droni, ambamo kila pikseli imesogezwa hadi mahali pake, ili eneo lote lionekane kama linatazamwa wima kutoka juu na kwa skeli moja. Neno la kushika hapo ni "imesogezwa". Kuunga picha tu hata simu ya mkononi inaweza.

Chukua nyumba ambayo paa lake liko mita 4 kutoka ardhini. Droni iko juu mita 100, na nyumba ipo mita 60 pembeni ya pale droni ilipo. Kwenye picha hiyo moja paa litaonekana limeegemea nje kwa mita 2 na nusu, kwa sababu kamera inaliona kwa mshazari. Hapo kamera haina kasoro yoyote, na pikseli yake ni ileile ya sentimita 2.7. Programu huondoa mwegemeo huo kwa kujenga kwanza modeli ya uso wa ardhi na vilivyo juu yake, kisha kuirudisha kila pikseli mahali pake kwa kutumia kimo chake. Modeli ikiwa mbovu, pikseli zitawekwa mahali pabovu, zikiwa kali na safi vilevile.

Sasa hiyo 2.7 inatoka wapi? Inatoka kwenye urefu wa kuruka, basi. Phantom 4 Pro, droni ambayo bado iko mikononi mwa wengi, ikiwa mita 100 juu ya ardhi picha yake hufunika mita 150 kwa 100. Ule upana wa mita 150 umegawanywa kwenye pikseli 5,472, na kila pikseli inapata sentimita 2.7. Ukishuka hadi mita 75 unapata kama sentimita 2. Ni hesabu ya kugawanya ambayo unaweza kuifanya umekaa ofisini, kabla hata betri hazijachajiwa. Hakuna mtu aliyepima chochote ardhini. Tena pikseli ya ramani ya mwisho inaweza kuwa namba ya kuchagua tu: kwenye OpenDroneMap, programu ya kuunganisha picha za droni, kuna kipengele cha `orthophoto-resolution`, ambacho usipokigusa kinakupa pikseli ya sentimita 5 hata kama uliruka chini chini.

Basi tuchukulie kazi yenyewe: mtaa upande wa Nala, kando ya barabara ya Singida, mita 800 kwa 500, karibu ekari 100. Upande wa kaskazini kuna kilima cha mawe kama vilivyojaa hapa kwetu, kimepanda mita 40. Barabara inapita upande wa kusini.

Ukiruka mita 100 na kuchagua picha zipandane asilimia 80 kwenye mstari na asilimia 70 kati ya mstari na mstari, droni itapiga picha kila baada ya mita 20, na mistari itaachana mita 45. Kwa kupandana hivyo, kila sehemu ya ardhi inaonekana kwenye picha zaidi ya kumi, na programu inahitaji wingi huo ili itambue jiwe lilelile au kona ileile ya bati kutoka pembe tofauti na kukokotoa kimo chake. Kwa makazi ya kawaida ya Dodoma asilimia hizo zinatosha. Kwenye shamba la mizabibu ningeongeza zote mbili, maana safu zinafanana na majani yanachezeshwa na upepo, programu inakosa cha kushika.

Tatizo ni kile kilima. Mita 100 uliyoiandika kwenye programu ya kurushia, kwa mpangilio wa kawaida, huhesabiwa kutoka pale droni iliporukia, haihesabiwi kutoka ardhi iliyo chini yake. Umeirushia barabarani, kwa hiyo ikifika juu ya kilima imebaki na mita 60 tu. Pale picha haifuniki tena 150 kwa 100, inafunika 90 kwa 60. Nafasi kati ya picha ni zilezile mita 20 na 45, kwa hiyo kupandana kumeshuka hadi asilimia 67 kwenye mstari na asilimia 50 kati ya mistari. Wakati huohuo pikseli pale kileleni imekuwa sentimita 1.6, nzuri kuliko kwingine kote. Yaani sehemu yenye pikseli bora ndiyo yenye modeli dhaifu kuliko zote. Mwenye kuamini pikseli ataisifu.

Utaijua kwa macho. Vuta ramani karibu uangalie kingo za mapaa na kuta za uzio kuzunguka kilima. Ukingo ulionyooka utauona una mawimbi, au ukuta mmoja umetokea mara mbili, au kuna shimo tupu lisilo na picha. Dawa yake si kushuka chini zaidi. Tumia mpangilio wa kufuata ardhi, ambao hupandisha droni kadiri ardhi inavyopanda, au gawa kazi, kilima kirukiwe peke yake kuanzia juu.

Hadi hapa hatujafika kwenye usahihi wa mahali. Tumeshughulikia tu kama ramani imeungana vizuri ndani yake. Iko wapi duniani, na umbo lake limenyooka au limepinda, hayo huamuliwa na pointi za udhibiti, zile alama unazoweka ardhini na kuzipima kwa GPS ya wapimaji. Picha za droni ya kawaida zina GPS, ndiyo, ila kosa lake ni la mita kadhaa, na kwenye kimo ni baya zaidi. Bila alama, ramani nzima inaweza kuhama mita mbili na bado ikapendeza.

Kuna kosa la pili ambalo halionekani haraka. Kamera ikitazama chini tu, mstari baada ya mstari, programu inapokisia mpindo wa lenzi hukosea kidogo, na kosa hilo linajikusanya hadi uwanda tambarare unatoka umebinuka kama sahani iliyofunikwa. Ukichora kontua utaona duara ndani ya duara mahali ambapo maji ya mvua husimama kwa sababu hakuna mteremko. Alama zilizotapakaa kingoni na katikati huushikilia uso huo usibinuke.

Kwa mtaa wetu ningeweka alama 8: nne karibu na pembe, mbili kwenye kingo ndefu, moja katikati, na moja juu ya kilima. Ziwe na upana wa nusu mita hivi, nyeusi na nyeupe, ili kitovu chake kionekane vizuri kwenye pikseli ya 2.7. Chokaa tupu kwenye udongo mkavu wa Septemba hung'aa kupita kiasi na kitovu kinapotea. Alama za viroba nazo zinahitaji mawe pembeni, na mtu wa kuongea na watoto wa mtaa kabla droni haijaruka.

Kinachofanyika mara nyingi ni kuziweka zote kando ya lami, kwa sababu gari linafika. Ripoti ya programu itatoa RMSE, yaani wastani wa kosa, ya sentimita 1 au 2 kwenye alama hizo na kila mtu atafurahi. Lakini programu imeikunja ramani ili ifuate alama hizohizo. Kukubaliana nazo si ajabu. Alama zikiwa kwenye mstari mmoja, ramani iko huru kuinama kuuzunguka mstari huo, na kule kaskazini kimo kinaweza kukosea kwa makumi ya sentimita bila ripoti kusema neno.

Ndiyo maana kuna pointi za ukaguzi. Unazipima ardhini kwa namna ileile, ila huipi programu. Ukimaliza kuchakata, unasoma mahali zilipoangukia kwenye ramani na kulinganisha na vipimo vyako. Kwa mtaa wetu 5 zinatosha, mradi baadhi ziwe mbali na barabara. Tofauti hizo ndizo usahihi. Kazi ikienda vizuri, tegemea kosa la mlalo la pikseli 1 hadi 2, na la kimo pikseli 2 hadi 3. Mwenye droni ya RTK, inayojipimia mahali ilipo kwa usahihi wa sentimita chache ikiwa angani, anaweza kupunguza alama za udhibiti. Za ukaguzi asipunguze.

Hata hizo zina upofu mmoja. Ukipima alama zote kwa WGS 84, mfumo wa majira unaotumiwa na GPS, wakati michoro ya zamani ya viwanja iko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa Afrika Mashariki, ukaguzi utatoka safi kabisa na ramani itakaa takriban mita 300 kutoka kwenye mchoro. Jini dogo la eneo letu ni kanda za UTM, gridi inayoigawa dunia vipande vipande: Dodoma mjini ipo kanda ya 36 kusini, `EPSG:32736`, na Kongwa ipo 37, `EPSG:32737`. Anayenakili mipangilio ya kazi ya Kongwa kuja nayo Nala atajuta. Weka ramani juu ya bikoni mbili tatu zinazojulikana kabla ya kuikabidhi.

Kwa hiyo ndugu zangu waandishi wa ripoti, ile sentensi haihitaji kufutwa, inahitaji kugawanywa mara mbili. Andikeni "ukubwa wa pikseli: sm 2.7". Chini yake andikeni "usahihi, kwa pointi 5 za ukaguzi: mlalo sm 4, kimo sm 7", au namba zozote mlizopata. Kama hamkuweka pointi za ukaguzi, mstari wa pili uandikwe "haukupimwa".