Seleniamu kwenye njugu za Brazili: kila kitu kinaanzia kwenye udongo

"Mbona wengine wanasema njugu moja ya Brazili inatosha seleniamu ya siku nzima na wengine wanasema haina kitu? Sasa mtu ale ngapi?"

Seleniamu ni madini ambayo mwili unayahitaji kidogo sana, na wote wako sahihi, inategemea tu mti ulisimama wapi. Huo mti wa Amazoni hauhitaji seleniamu ili uishi. Mizizi yake inatafuta salfa, na seleniamu iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo inafanana na salfa kiasi kwamba inapita mlango ule ule, halafu mti unaijenga ndani ya protini pale ambapo salfa ingekaa, na kwa vile mbegu ina protini nyingi ndo huko inakorundikana.

Kwa hiyo udongo ukiwa na kidogo, njugu nayo inapata kidogo. Ila kuna kitu watu wanasahau: udongo unaweza kuwa nayo kabisa lakini umeing'ang'ania, hasa ule wenye asidi na kutu nyingi ya chuma, mizizi ikija haiambulii kitu.

Tofauti yake sio ndogo jamani. Watafiti walipima njugu za majimbo mbalimbali ya Brazili, za Mato Grosso zikawa na kama mikrogramu 2 kwa kila gramu, za jimbo la Amazonas kama 68. Chukua njugu moja ya gramu 4 hivi: ya Mato Grosso inakupa mikrogramu 8, ya Amazonas 272, na kwa macho zinafanana tu. Mtu mzima anahitaji 55 kwa siku, na Wamarekani wameweka kikomo cha 400 (Ulaya wao wamekibana hadi 255). Yaani njugu mbili za Amazonas zishapita, wakati za Mato Grosso ungekula hata sita na bado hujafika 55. Pakiti nayo haisaidii sana, inaandika nchi tu, haikwambii msitu gani.

Ndo maana mimi nasema moja kwa siku, mbili ukizidisha sana, tena sio lazima kila siku. Kule Nyuzilandi, ambako udongo una seleniamu kidogo, watu walipewa mbili kwa siku kwa wiki 12 na kiwango kwenye damu kikapanda vizuri tu.

Ukila nyingi siku moja haina noma kubwa, shida ni kiganja kizima kila siku miezi na miezi. Ikizidi mwilini pumzi inanuka kama kitunguu saumu, mdomoni unasikia ladha ya chuma, kucha zinakatika na nywele zinanyonyoka. Ukiona hivyo acha njugu, nenda kapime damu. Na kama unameza multivitamini angalia kwanza kwenye kopo, nyingi zishawekewa seleniamu. Korosho na karanga we kula tu, kwa upande wa seleniamu zina mikrogramu chache sana kwa kiganja.