Kudai kwamba zabuni inakidhi, na kukidhi kwenyewe

Nimepitia jedwali jingine la zabuni ambalo safu nzima ya majibu imejazwa neno moja. Mashine ya kusafisha sakafu: "Inakidhi." Sabuni ya kuua viini: "Inakidhi." Msimamizi mwenye cheti: "Inakidhi." Aliyeijaza aliniambia kwa moyo mkunjufu kwamba zabuni yao imekidhi vigezo vyote. Ilichofanya ni kudai.

Maana ya msingi haina utata. Nchini Kenya, kifungu cha 79 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 kinasema zabuni inakidhi ikiwa inatimiza masharti yote ya ustahiki na masharti mengine ya lazima yaliyo katika hati ya zabuni. Kasoro ndogo isiyogusa kiini cha masharti hayo haiiangushi. Anayeamua kama umetimiza ni kamati ya tathmini, kwa kutumia vigezo vilivyoandikwa kwenye hati na kile ulichoweka ndani ya zabuni yako.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba hati moja hubeba vitu viwili vinavyofanana kwa sura. Kuna masharti ya lazima, ambayo jibu lake ni ndiyo au hapana: cheti halali cha kodi, usajili wa kampuni, fomu zilizotiwa sahihi, kurasa zote kupewa nambari mfululizo. Ukikosa moja, safari imekwisha hata kama ungekuwa bora katika mengine yote. Halafu kuna vigezo vya kiufundi, ambavyo hupewa alama, na mara nyingi kuna kiwango cha chini cha kufikia kabla bei yako haijaangaliwa. Kupita hatua ya kwanza hakukupi hata alama moja ya hatua ya pili. Mzabuni anayesema "tumekidhi" huwa amehesabu vyeti vyake, akasahau kwamba uzoefu, vifaa na mpango wa kazi bado vinangoja mtu wa kuvipa alama.

Mfikirie huyo mtu. Kila mjumbe wa kamati hutathmini kivyake kwanza kabla ya kulinganisha na wenzake. Sheria inawapa siku zisizozidi 30 kumaliza tathmini, na mbele yake kuna rundo la zabuni, nyingine zenye mamia ya kurasa. Ana karatasi ya alama iliyopangwa kwa mfuatano wa vigezo vya hati. Akifika kigezo cha 3 anatafuta jibu la kigezo cha 3. Asipoliona, hana ruhusa ya kukisia kwa niaba yako.

Tuseme ni zabuni ya usafi wa hospitali ya kaunti. Kigezo cha 3 kinataka kandarasi tatu za usafi katika miaka 5 iliyopita, kila moja isiyopungua shilingi milioni 2, pamoja na mkataba na barua ya mteja ya kuthibitisha kazi. Alama ni 15, yaani 5 kwa kila kandarasi. Rasimu imejibu hivi: "Kampuni yetu ina uzoefu mkubwa na imehudumia taasisi nyingi za umma na binafsi kwa ufanisi." Sentensi hiyo haina mahali pa kushika alama.

Ukiirekebisha, usianze na maneno, anza na faili ya viambatisho. Kwa kila kandarasi uliza yale ambayo kigezo kinauliza: ni ya usafi? Iko ndani ya miaka 5? Thamani imeandikwa? Mkataba upo, na barua ipo? Hapo ndipo mambo hujitokeza. Kandarasi ya kwanza, ya chuo, imekamilika kila kitu. Ya pili ina mkataba, lakini barua ya mteja inasema tu "walifanya kazi vizuri", bila kutaja ni kazi gani wala lini. Hiyo inarudishwa kwa mteja aandike upya, maadamu tarehe ya mwisho haijafika. Ya tatu ni ya shilingi milioni 1.8. Hiyo haihesabiki, na kuipamba hakutaiongezea thamani. Ikiwa hakuna nyingine, dai kandarasi mbili na utarajie alama 10. Kughushi ya tatu kunaweza kukufungia nje ya zabuni za umma kabisa. Ila soma tena hati kabla ya kukubali hasara hiyo: kama kandarasi tatu zimeorodheshwa pia kati ya masharti ya lazima, hupotezi alama 5, unapoteza zabuni nzima.

Ndipo uandike jibu, kwa nambari na maneno yaleyale ya kigezo: "Kigezo cha 3, kandarasi ya kwanza: usafi wa mabweni na madarasa ya chuo, Januari 2022 hadi Desemba 2023, shilingi milioni 3.4. Mkataba: ukurasa wa 61, thamani iko kifungu cha 4. Barua ya mteja: ukurasa wa 66." Mtathmini anafungua kurasa mbili, anaona, anaandika 5, anaendelea.

Jedwali la vifaa nalo hurekebishwa hivyohivyo. Hati ikitaka mashine yenye burashi ya upana wa angalau sentimita 43, andika upana wa mashine unayoleta, tuseme sentimita 45, na ukurasa wa katalogi unaoonyesha hivyo. Katalogi nyingi huweka modeli nne au tano kwenye ukurasa mmoja, kwa hiyo wekea alama ile unayotoa. Usipofanya hivyo, umethibitisha kwamba mtengenezaji anayo mashine inayofaa, hujathibitisha kwamba ndiyo utakayoleta.

Mpango wa kazi ni tofauti kidogo, kwa sababu hakuna cheti cha jambo ambalo halijafanyika. Hapo ushahidi ni undani wenyewe: wadi zipi zinasafishwa saa ngapi, na wafanyakazi wangapi kwa kila zamu, taka za hospitali zinatenganishwa vipi na nani anakagua. "Tutatumia mbinu za kisasa" ni "Inakidhi" kwa maneno mengi.

Nambari za kurasa ziache mwisho. Barua moja mpya ikiingia katikati, marejeo yote yaliyo mbele yake yanakosea, na mtathmini anayefungua ukurasa wa 66 akakuta leseni ya biashara hatakuwa na sababu ya kuuamini ukurasa wa 71. Kisha mpe mwenzako ambaye hakuiandika karatasi tupu ya vigezo, aandike alama na ukurasa alikoiona. Kigezo ambacho amekuuliza jambo kwa mdomo bado hakijajibiwa.

Wengi hujifariji kwamba kamati ikikwama itauliza. Inaweza kuomba ufafanuzi kwa maandishi, lakini ufafanuzi hauruhusiwi kubadilisha kiini cha zabuni. Barua ambayo haikuwemo zabuni zilipofunguliwa haitaingia kwa mlango huo.

Na barua ya kukataliwa ikija, isome sababu iliyotolewa kabla ya kusema mmeonewa. Iangalie kama mliangukia sharti la lazima au mlipungukiwa na alama, kwa kuwa hizo ni hoja mbili tofauti mbele ya Bodi ya Kukagua Ununuzi wa Umma, na muda wa kuifikia ni siku 14. Bodi nayo itataka mwonyeshe kilichokuwa ndani ya zabuni, na ukurasa wake.