Kubadilisha jina la faili hakubadilishi video

"Nimeshaiandika .mp4 lakini runinga bado inagoma." Kauli hii huletwa studio za Mbeya karibu kila Jumatatu, baada ya harusi na sendofu za wikiendi, na inachosha kwa sababu imeshajibiwa mara nyingi mno. Gunia la viazi vya Uporoto ukiliandika "mchele wa Kyela", ndani vinabaki viazi.

MP4, MOV na MKV ni magunia tu: yanabeba picha na sauti pamoja. Kilichomo ndani kimebanwa kwa kodeki, yaani mbinu ya kubana na kufungua picha au sauti, na kodeki ndiyo runinga inayotakiwa kuielewa. Chukua video ya sendofu iliyorekodiwa kwa aifoni. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, aifoni nyingi hurekodi kwa HEVC, yaani H.265, ndani ya MOV. Sauti yake ni AAC, ambayo runinga nyingi zinaijua. Ndiyo maana ukiichomeka flashi kwenye runinga ya zamani utasikia vigelegele vizuri kabisa huku kioo kikiwa cheusi. Sauti ikija bila picha, usilaumu flashi. Kodeki ya picha ndiyo imeshindikana.

Kabla ya kugusa chochote, fungua faili kwa programu ya MediaInfo, usome mstari wa Format chini ya Video. Ukikuta HEVC, igeuze kwa programu ya ffmpeg iwe H.264, kodeki ya zamani zaidi:

```
ffmpeg -i sendofu.mov -c:v libx264 -crf 20 -pix_fmt yuv420p -c:a aac sendofu.mp4
```

Namba ya crf ikishuka, ubora unapanda na faili linanenepa; 20 inatosha kwa runinga ya sebuleni. Ila kama simu ilirekodi kwa HDR, yaani kwa wigo mpana wa mwanga na rangi, amri hii peke yake itapausha rangi, na nyuso zitaonekana kama zimepakwa majivu. Hiyo inahitaji hatua ya ziada ya kushusha HDR.

Wengine husema kugeuza lazima kuharibu ubora. Si lazima. MediaInfo ikionyesha AVC, ambayo ndiyo H.264, pamoja na AAC, lakini gunia ni MKV na runinga hailitaki, hamisha bila kubana upya:

```
ffmpeg -i video.mkv -c copy video.mp4
```

Inachukua sekunde chache na picha haipungui hata chembe.

Na ile ya "kwenye laptopu VLC inacheza, basi runinga ni mbovu"? VLC huja na visomaji vyake vya kodeki nyingi. Runinga hutegemea chipu iliyotoka nayo kiwandani, na chipu isiyo na kisomaji cha HEVC huwezi kuiongezea.

Anayejua video itachezwa kwenye runinga ya zamani aingie kwenye aifoni Settings, Camera, Formats, achague Most Compatible, kisha azime HDR Video kwenye Record Video kama ipo. Afanye hivyo kabla bibi harusi hajaingia ukumbini.